Vya Skrini na vya Waraka: Namna ya Kuchapa Upya Picha ya Skrini

Haya ni maelezo yaliyotolewa kwa makarani, wahasibu na wasaidizi wa kompyuta wanaohudumu katika ofisi za wadi. Yamepunguzwa kidogo ili yatoshe hapa.

Jambo nililoombwa kulizungumzia linaonekana dogo mno, lakini lina njia ya kuharibu hesabu bila mtu kujua.

Wengi wenu hupokea kazi kwa njia ya picha. Mtu wa makao makuu anafungua faili kwenye kompyuta yake, anapiga picha ya skrini, anaituma kwa WhatsApp, na wewe huku wadini unatakiwa kuichapa upya. Pengine faili yenyewe haipatikani. Pengine mwenzetu asiyeona anatumia programu inayomsomea maandishi kwa sauti, na kwa programu hiyo picha ni karatasi tupu. Pengine mwananchi ameomba habari chini ya Sheria ya Upataji Habari ya mwaka 2016, na nakala pekee iliyosalia ofisini ni hiyo picha.

Basi unakaa na kuanza kuchapa. Swali ni hili: unachapa nini, na unaacha nini?

Picha ya skrini ina vitu vya aina mbili. Kuna maandishi ya waraka wenyewe, yaani yale yaliyohifadhiwa ndani ya faili. Halafu kuna vitu vilivyochorwa na programu inayoonyesha faili hiyo ili kumsaidia aliye mbele ya skrini: nambari za mistari kwenye pambizo la kushoto, vishale, vitone vyekundu, upau wa kusogeza ulio ukingoni kulia, vitufe vya kufunga na kupunguza dirisha, na msitari mwekundu uliojikunja chini ya maneno. Hivi vya pili havimo ndani ya faili. Ukiifungua faili ileile katika programu nyingine, vitatoweka au vitabadilika. Ukiombwa kunakili barua iliyo ndani ya fremu ya kioo, hunakili misumari ya fremu.

Kanuni ni kwamba vitu vya programu havichapwi. Lakini kanuni hiyo ina sehemu ya pili ambayo watu wengi huiruka, nayo ndiyo iliyonileta hapa: havichapwi, ila husomwa kwanza. Nitaanza na ile ya kutochapa, maana ni nyepesi.

Chukueni faili ndogo kabisa ya makusanyo ya soko. Mtu ameandika kiasi cha siku tatu, kila kiasi kwenye mstari wake, na kuifungua katika programu ya kuhariri kama Notepad++ au VS Code. Kwenye picha mnaona hivi:

```
1 4500
2 3200
3 1850
```

Zile 1, 2 na 3 ni nambari za mistari. Hazimo kwenye faili. Makusanyo ni shilingi 4,500, kisha 3,200, kisha 1,850, na jumla yake ni 9,550. Sasa picha imepita kwenye WhatsApp na kupungua ubora, ile rangi ya kijivu ya nambari za pambizo imekaribiana na rangi ya maandishi, na nafasi iliyo katikati imebanwa. Mchapaji anaandika 14500, 23200, 31850. Jumla inakuwa 69,550.

Hakuna kompyuta itakayolalamika. Hizo ni nambari halali kabisa. Zimezidi kwa shilingi 60,000 ambazo hazikukusanywa na mtu yeyote, na mkaguzi wa hesabu akija atauliza zilikwenda wapi. Anayeulizwa ni mkusanyaji wa ushuru, ambaye hakukosea kitu.

Kuna dalili. Soma tarakimu ya kwanza ya kila mstari kutoka juu kwenda chini. Ikiwa zinafuatana moja, mbili, tatu, nne, bila kuruka, basi pambizo limeingia ndani ya hesabu. Makusanyo ya kweli hayapangiki hivyo. Ukifika mstari wa kumi, tarakimu mbili za mwanzo zitasoma kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Programu za kusoma herufi kwenye picha nazo hufanya kosa hilihili, kwa sababu kwao nambari ni nambari, iwe ya pambizo au ya fedha. Kwa hiyo msidhani mmeokoka kwa sababu hamkuchapa kwa mkono.

Mtu anaweza kuniuliza: je, kama nambari zile ni za waraka kweli? Sheria ndogo za kaunti zina vifungu vyenye nambari, na kumbukumbu za mikutano zina nambari za ajenda. Hizo ni za waraka, na ukiziacha umeuharibu. Kuzitofautisha si kazi. Nambari ya pambizo hutolewa kwa kila mstari, hata mstari mtupu usio na neno. Nambari ya kifungu hukaa pale kifungu kinapoanza tu, na mara nyingi hufuatwa na nukta au mabano. Kwa hiyo tafuta mstari mtupu kwenye picha. Ukiona una nambari pembeni yake, hizo ni za programu.

Excel ina mtego wake hapa. Pembeni kushoto ina nambari zake, na juu ina herufi A, B, C. Zote hizo ni fremu. Lakini majedwali yetu mengi yana safu ya kwanza iitwayo "Na.", ambayo ni ya waraka. Vichwa vya safu vikiwa katika mstari wa 1, soko la kwanza huwa kwenye mstari wa 2, na hapo "Na." ni 1 huku pambizo likisema 2. Mtu akichanganya, kila soko linapewa nambari ya jirani yake.

Sasa sehemu ya pili, ile ya kusoma kabla ya kuacha. Tukae hapa kidogo.

Picha nyingine imeletwa, safari hii ni msimbo. Msaidizi wa kompyuta wa makao makuu ameandika programu fupi ya Python inayojumlisha ushuru kutoka kwenye faili ya ushuru.csv, na ofisi ya wadi inataka kuitumia. Picha yake ni hii:

```
 1    import csv
 2
 3    jumla = 0
 4    with open("ushuru.csv") as faili:
 5        for mstari in csv.DictReader(faili):
 6            kiasi = float(mstari["kiasi"])
 7  >         if kiasi > 5000: ⋯
11            jumla += kiasi
12    print(jumla)
```

Mchapaji asiyejua kitu akichapa na nambari zake, Python itakataa mstari wa kwanza kabisa na kuandika `SyntaxError`. Hilo ni kosa zuri, kwa maana kwamba linapiga kelele. Unarudi, unafuta nambari, unaendelea.

Mchapaji aliyefundishwa nusu ndiye anayenitia wasiwasi. Ameambiwa aache nambari, naye ameziacha. Ameacha pia kile kishale cha mstari wa 7, na amefanya sawa. Amefika kwenye vile vitone vitatu, akaona ni maandishi, akaandika nukta tatu:

```python
        if kiasi > 5000: ...
        jumla += kiasi
```

Katika Python, nukta tatu zikiandikwa hivyo ni msimbo halali. Maana yake ni kama kusema "hapa usifanye kitu". Programu itaanza, itasoma faili, itatoa jumla, na haitatoa onyo lolote. Lakini lile lililokuwa likifanywa kwa kiasi kinachozidi 5,000 halifanywi tena. Labda lilikuwa ni kumuuliza mhasibu athibitishe, labda kuandika kiasi hicho kwenye orodha ya kukaguliwa. Hatujui, kwa sababu halikuonekana.

Na picha yenyewe ilikuwa imesema. Tazameni tena nambari za pambizo: 5, 6, 7, kisha 11. Mistari ya 8, 9 na 10 iko wapi? Imekunjwa. Programu kama VS Code humruhusu mtu kubofya kishale kilicho karibu na nambari ili kuficha kipande cha msimbo asichotaka kukiona kwa wakati huo, na mahali pake huweka vitone vitatu. Kishale kinachotazama kulia ni alama ya kwamba kuna kitu kimefichwa chini yake. Vitone navyo ni vya programu, si vya mwandishi.

Kwa hiyo nambari za pambizo ndizo zilizokuwa shahidi. Ukizitupa kabla ya kuzisoma, umemfukuza shahidi. Zisome zote kutoka juu hadi chini, hakikisha hazijaruka, kisha ndipo uziache. Zikiwa zimeruka, usibuni kilichomo. Andika hivi:

```python
        if kiasi > 5000:
            # mistari 8 hadi 10 haikuonekana kwenye picha
        jumla += kiasi
```

Kuna faida iliyojificha katika kuandika hivyo. Python haihesabu maelezo yanayoanza na alama ya reli kuwa ni amri, kwa hiyo itaona kwamba chini ya `if` hakuna kitu, na itakataa kuanza kwa kosa la `IndentationError`. Ndivyo tunavyotaka. Programu yenye pengo isiende popote hadi pengo lizibwe. Mpigie aliyetuma picha, mwambie afungue vishale vyote, apige picha nyingine.

Nimesema msome nambari kuona kama zimeruka. Pia someni mahali zinapokosekana. Mstari ukiwa mrefu kuliko upana wa dirisha, programu huukata na kuendeleza kipande chake chini, lakini haikipi kipande hicho nambari mpya. Kipande kisicho na nambari ni mwendelezo wa mstari wa juu yake, na unapochapa unatakiwa kuviunganisha viwe mstari mmoja. Katika barua jambo hilo halina neno. Katika faili ya data, ambapo kila mstari ni mfanyabiashara mmoja, ukivunja mstari mmoja umezaa wafanyabiashara wawili, na wa pili hana jina.

Upau wa kusogeza nao una lake la kusema. Hakuna anayeuchapa, lakini wengi hawautazami. Ukiona kile kipande chake kinachosogea kipo juu kabisa na ni kifupi, ujue faili ni ndefu na picha imeonyesha mwanzo tu. Kikiwa katikati, picha imekata juu na chini. Ule wa chini, unaokwenda kushoto na kulia, huonyesha kwamba mistari inaendelea upande wa kulia zaidi ya picha. Huo ndio hatari zaidi, kwa sababu maneno yaliyokatwa kulia mara nyingi huonekana kama sentensi iliyokamilika.

Turudi kwenye Excel, maana najua ndiyo mkate wenu wa kila siku. Picha imekuja ya jedwali la makusanyo ya wiki. Safu ya kiasi inasoma 4,500, 3,200, 1,850, 2,700 na 950, kisha mstari wa mwisho unasema JUMLA 19,400. Mchapaji makini ameacha nambari za pambizo, ameacha herufi za juu, ameacha vile vishale vidogo vilivyo kwenye vichwa vya safu. Amechapa kila kilichobaki bila kosa hata moja. Waraka ukabandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi.

Mfanyabiashara mmoja ana simu yenye kikokotoo. Anajumlisha: 13,200. Anatazama jumla iliyoandikwa: 19,400. Shilingi 6,200 hazina mwenyewe. Kufikia jioni, soko zima linajua kwamba ofisi ya wadi imekula.

Hakuna aliyekula. Kwenye ile picha, nambari za pambizo zilikuwa 2, 3, 4, kisha 7, 8, na jumla ikiwa kwenye mstari wa 9. Mistari ya 5 na 6 ilikuwa imefichwa kwa kichujio. Nambari za mistari iliyobaki hugeuka rangi ya bluu mtu anapochuja, na kwenye kichwa cha safu iliyochujwa kile kishale hugeuka kuwa alama ya faneli ndogo. Fomula ya kawaida ya kujumlisha, `=SUM(C2:C8)`, huhesabu hata mistari iliyofichwa na kichujio. Angetumia `=SUBTOTAL(9,C2:C8)`, ingehesabu ile isiyochujwa tu na kusoma 13,200. Ile ya kwanza si kosa, kwa sababu hiyo ndiyo jumla ya kweli ya wiki. Lililokosekana ni mistari miwili, na dalili zake zilikuwa kwenye fremu: nambari zilizoruka, rangi ya bluu, na faneli.

Hapa pia usibuni. Usiandike mstari mmoja wenye 6,200 ili hesabu ikubali. Omba picha isiyo na kichujio. Ikiwa haipatikani na waraka lazima utoke leo, weka chini ya jedwali sentensi moja: "Mistari miwili ya jedwali la asili haikuonekana kwenye picha, jumla inaihesabu."

Kwenye Excel kuna jambo jingine linalofanana na maandishi ilhali si maandishi, nayo ni ile safu ya alama za reli, `#####`. Maana yake ni kwamba safu ni nyembamba na nambari haikutosha. Nimeona ikichapwa kama ilivyo, na nimeona mtu akiisoma kama fedha iliyofichwa makusudi. Hapo hakuna cha kuchapa. Mwambie mwenye faili aipanue safu.

Kuhusu Word nitasema kidogo tu. Programu ikiwa imewekwa Kiingereza, msitari mwekundu uliojikunja hukaa chini ya karibu kila neno la Kiswahili, na chini ya majina ya vijiji na ya watu. Msitari huo hauchapwi, na wala usiuchukue kuwa agizo la kusahihisha. Kuna makarani ambao wakiuona chini ya jina la mzee wa kijiji hulibadilisha herufi hadi utoweke. Jina ni lake, liachwe. Na mtu akiwa amewasha kitufe cha kuonyesha alama zilizofichwa, utaona kitone katikati ya kila maneno mawili na alama ya ¶ mwisho wa kila aya. Vitone hivyo ni nafasi za kawaida. Andika nafasi.

Vilivyo vya waraka, vitunzwe vyote. Mistari mitupu ibaki mitupu. Katika Python, nafasi zilizo mwanzoni mwa mstari ni sehemu ya maana, kwa hiyo zihesabu. Upau wa chini wa VS Code huandika `Spaces: 4`, yaani kila hatua ya kuingia ndani ni nafasi nne, na hilo hukuepusha kupima kwa jicho. Hata hivyo maneno hayo ya upau wa chini hayachapwi. Jina la faili lililo juu kwenye kichupo nalo halimo ndani ya faili, ila ni vyema uliandike peke yake juu ya kazi yako, ili anayepokea ajue aihifadhi kwa jina gani.

Mama mmoja hapa mbele aliniuliza wakati wa chai swali ambalo linafaa kujibiwa mbele ya wote. Alisema: kompyuta inapotoa kosa, husema kosa liko mstari wa 6. Tukiacha nambari, tutaujuaje mstari wa 6?

Nambari zitarudi zenyewe, mama. Anayepokea kazi yako akiifungua katika programu ya kuhariri, programu hiyo itahesabu mistari upya na kuchora nambari zake. Zitalingana na zile za picha kwa masharti mawili. La kwanza ni kwamba hukuruka mistari mitupu. Tazama mstari wa 2 kwenye ule msimbo wetu, hauna kitu, lakini ukiuacha, wa 6 unakuwa wa 5. La pili ni kwamba picha ilianzia mstari wa 1. Ikiwa ilianzia katikati, tuseme mstari wa 41, basi andika hivyo kando, juu ya kazi, pamoja na jina la faili: "Picha inaanzia mstari wa 41." Kosa likisema mstari wa 46, atahesabu mstari wa sita kutoka juu ya kazi yako.